Kwa nini kiungo cha kipindi cha redio hubadilika mada baada ya wiki?

"Nilimtumia rafiki yangu kiungo cha kipindi nilichokisikia redioni. Alipokuja kukifungua wiki iliyofuata, akakuta mada nyingine kabisa. Kwa nini?"

Kwa sababu aliyeipanga tovuti alianzia kwenye ratiba. Alichora wiki, akaipa kila nafasi ukurasa wake, na sauti ikapachikwa humo. Jumanne inayofuata, rekodi mpya inakaa palepale na kuifuta ya zamani. Ule ukurasa ulikuwa wa saa ya Jumanne, haukuwa wa mazungumzo uliyoyasikia.

Dawa yake hupatikana kabla ya kufikiria rangi na nembo, kwa kutenganisha vitu vitatu ambavyo watangazaji wenyewe huviita vyote "kipindi". Cha kwanza ni kipindi chenyewe, kile chenye jina na mtangazaji, kinachoendelea mwaka hadi mwaka. Cha pili ni toleo, yaani mazungumzo ya siku moja yenye mada na wageni wake. Cha tatu ni urushaji: toleo fulani kwenda hewani siku fulani, saa fulani. BBC ilipofungua sehemu ya vipindi kwenye tovuti yake mwaka 2007, ilishika njia hiyohiyo, kila toleo likapata ukurasa wake wa kudumu.

Tuchukue kipindi cha afya kinachoruka Jumanne saa 2:00 usiku na kurudiwa Alhamisi saa 4:00 asubuhi. Toleo la 14 linahusu kisukari na macho. Hapo kuna kipindi kimoja, toleo moja, urushaji mara mbili. Ratiba inajengwa kutokana na urushaji, kwa hiyo toleo hilo litaonekana humo mara mbili, na zote mbili zitampeleka msikilizaji kwenye ukurasa uleule. Ukurasa wa kusikiliza tena unajengwa kutokana na matoleo, kwa hiyo humo litaonekana mara moja tu. Ukiona orodha ya matoleo yaliyopita ina mada ileile mara mbili kwa tarehe mbili, jua marudio yamehesabiwa kama toleo jipya.

Anwani nazo zisibebe siku wala saa, maana kipindi kinaweza kuhamishiwa Ijumaa wakati wowote:

```
/afya-nyumbani
/afya-nyumbani/14-kisukari-na-macho
```

Napenda ukurasa wa toleo ufunguliwe hata kabla halijaruka, ukiwa na mada, wageni na saa ya kwenda hewani. Anayefika mapema anakuta maelezo, na sauti ikishawekwa anaikuta palepale.

Saa zetu zinahitaji uangalifu wa pekee. Mhariri akiandika "2:00" akimaanisha saa mbili usiku, mfumo unaelewa saa nane usiku. Ndani ya mfumo andika 20:00, na umwonyeshe msomaji "saa 2:00 usiku". Vilevile, kipindi ambacho watu hukiita cha Jumanne saa sita na nusu usiku, kwa kompyuta ni 00:30 ya Jumatano. Kisiporekebishwa, msikilizaji atakitafuta kwenye ukurasa wa Jumanne asikione. Mimi huanza siku ya ratiba saa 11:00 alfajiri, ili vipindi vya usiku wa manane vibaki chini ya siku ambayo watu huvihesabu.

Kwenye rekodi, kosa linalouma zaidi ni kukata kwa saa ya ukutani. Taarifa ya habari ikipitiliza dakika nne, faili itaanza na habari, na mgeni atakatwa katikati ya neno la mwisho. Rekodi ianze dakika tano kabla na iishe dakika kumi baada, kisha mtu mwenye masikio aipunguze. Saa nzima ya mazungumzo, kwa mono ya kbps 64, ni kama MB 29. Ukiiacha kwenye 128 inakuwa karibu MB 58, na kwa mazungumzo, tofauti ya ubora ni ndogo mno kustahili kumgharimu msikilizaji bando lake mara mbili.

Matoleo hayohayo ndiyo yanayokwenda kwenye podkasti kupitia RSS, faili ambalo programu za kusikilizia hulisoma kujua matoleo mapya, na huko kila toleo linahitaji kitambulisho kisichobadilika:

```
<guid isPermaLink="false">afya-nyumbani-014</guid>
```

Ukisahihisha kichwa cha habari au ukibadilisha faili, kitambulisho hiki usikiguse. Kikibadilika, programu nyingi za kusikilizia hudhani toleo ni jipya. Utajua kosa hilo limetokea pale wafuatiliaji watakapokuuliza mbona toleo la mwezi uliopita limejishusha tena kwenye simu zao.