Ukinzani wa koili na waya wa plagi: mita inaona nini injini inapokosa

Injini ya petroli "inakosa", au kama wanavyosema gereji, "inamisi", pale silinda moja inapovuta mchanganyiko wa hewa na petroli, ikaubana, kisha moto usiwake. Kwenye injini ya silinda nne zinabaki tatu kuvuta gari. Ndiyo maana usukani unatetema, mlima unakuwa mzito na bomba la moshi linanuka petroli mbichi. Sababu zinaweza kuwa nyingi, lakini ikiwa cheche ndiyo inayokosekana, kuna kipimo kimoja ambacho mtu yeyote mwenye mita ya kawaida anaweza kukifanya, nacho ni kupima ukinzani.

Ukinzani ni kiasi ambacho njia ya umeme inauzuia umeme usipite kwa urahisi. Hupimwa kwa omu, na omu 1,000 ni kilo-omu moja. Waya mnene mfupi wa shaba una ukinzani unaokaribia sifuri. Waya mwembamba mrefu una ukinzani mkubwa, na ukinzani wa waya uliokatika hauna mwisho: mita ya dijitali itaandika OL, au tarakimu 1 peke yake upande wa kushoto wa kioo. Mita hutoa umeme mdogo kutoka kwenye betri yake, ikaupitisha kwenye kitu unachokipima, ikaangalia umepita kiasi gani. Jambo hili la umeme mdogo likumbuke, kwa sababu ndilo linaloamua kipimo hiki kinaweza kusema nini na hakiwezi kusema nini.

Koili ni misokoto miwili ya waya iliyozungushiwa kipande kimoja cha chuma. Msokoto wa kwanza ni wa waya mnene wenye mizunguko michache, na ndio unaopokea volti 12 za betri. Msokoto wa pili ni wa waya mwembamba kama unywele, wenye mizunguko maelfu. Umeme wa msokoto wa kwanza unapokatwa ghafla, ule wa pili hurusha volti 20,000 au zaidi, zinazotosha kuruka pengo la plagi. Ukijua hivyo, namba za mita hazikushangazi tena: msokoto wa kwanza utasoma omu moja au mbili tu, na wa pili utasoma maelfu.

Nikutolee mfano wa gari ninalolijua. Shemeji yangu ana Corolla ya miaka ya 1990 yenye injini ya 4A-FE, ile ambayo koili yake imefichwa ndani ya distribyuta, kifaa kinachogawa umeme wa cheche kwa kila plagi, na nyaya nne za plagi zinatoka kwenye kifuniko chake. Ilianza kukosa ikipanda Kitonga, ikishuka inatulia. Baada ya wiki mbili ilikuwa inatetema hata ikiwa imesimama. Aliambiwa anunue distribyuta nzima. Nikamwomba asubiri hadi tupime.

Kwanza tulitafuta ni silinda ipi. Wengi huchomoa waya wa plagi injini ikiwaka ili wasikie mlio ukibadilika, na mimi nakuomba usifanye hivyo. Unaweza kupigwa shoti mbaya, na cheche isiyo na pa kwenda inaweza kupasua koili kutoka ndani. Chomoa soketi ya nozeli ya petroli, moja baada ya nyingine, ukirudisha kila moja kabla ya kugusa inayofuata. Silinda inayofanya kazi ukiinyima petroli, injini inalegea papo hapo. Kwetu silinda namba 3 haikubadilisha chochote. Hiyo ndiyo iliyokuwa imelala.

Hapo tukazima injini, tukatoa ufunguo, tukaiacha ipoe. Kutoa waya wa plagi kuna adabu yake: shika kofia ya mpira iliyo kichwani, izungushe kidogo kushoto na kulia, kisha vuta kofia yenyewe. Ukivuta waya, unakata kiini chake. Nyaya nyingi ninazokuta zimekufa ziliuawa na mikono ya watu waliokuwa wanabadilisha plagi tu.

Kiini cha waya huo kwenye magari mengi si shaba. Ni uzi uliopakwa kaboni, na umewekwa ukinzani kwa makusudi ili cheche isivuruge redio na kompyuta ya gari. Kwa hiyo usishtuke mita ikisoma kilo-omu kadhaa, na usitarajie nyaya nne zilingane. Waya mrefu una ukinzani zaidi. Toyota huweka kikomo cha kilo-omu 25 kwa kila waya.

Tulizungusha kitasa cha mita hadi 20k, tukaweka ncha moja kwenye chuma cha ndani upande wa plagi na nyingine upande wa distribyuta. Waya wa silinda ya kwanza, ulio mrefu kuliko wote kwa sababu distribyuta iko mwisho wa upande wa giaboksi, ulisoma kilo-omu 11.2. Wa pili 9.4. Wa nne, mfupi kabisa, 6.3. Namba zinashuka kwa kufuata urefu, na ndivyo inavyopaswa. Wa tatu ulisoma 8.1, mahali pake hasa. Mtu mwenye haraka angeupitisha.

Lakini waya ukiwa kwenye injini haulali umenyooka. Umekunjwa, unatikisika, unapata joto. Nilimwambia shemeji ashikilie ncha mbili za mita huku mimi nikiukunja waya polepole kuanzia kichwa kimoja hadi kingine. Karibu na kofia ya upande wa plagi mita ikaruka hadi 17, kisha OL, kisha ikarudi 8. Hapa ni lazima kuwa mwangalifu: kwenye 20k, OL maana yake ni kwamba ukinzani umezidi kilo-omu 20, si lazima waya uwe umekatika. Waya wenye kilo-omu 23 bado uko ndani ya kikomo. Tukasogeza kitasa hadi 200k na kukunja tena, bado OL. Basi kiini kilikuwa kimekatika pale, vipande viwili vikigusana na kuachana.

Hii ndiyo inayoeleza kwa nini gari lilianza kukosa mlimani. Ukikanyaga mafuta, silinda inajaa zaidi, na mchanganyiko uliobanwa sana ni mgumu kwa cheche kuupenya, hivyo koili inalazimika kupandisha volti. Pengo dogo ndani ya waya, ambalo cheche ililiruka bila shida barabara tambarare, linakuwa mzigo wa ziada usiobebeka. Baada ya muda cheche hiyo ya ndani inaunguza kaboni, pengo linapanuka, na gari linakosa hata likiwa limesimama.

Koili tuliipima pia, maana ilikuwa imeshahukumiwa. Kifuniko cha distribyuta na rota vikitolewa, pamoja na kikinga vumbi, koili inaonekana. Kwa msokoto wa kwanza unachomoa nyaya zake na kupima kati ya skrubu ya chanya na ya hasi, kitasa kikiwa kwenye omu 200. Kabla ya hapo gusanisha ncha za mita zenyewe kwa zenyewe. Yangu ilisoma 0.4, na huo ni ukinzani wa nyaya za mita. Kwenye koili ilisoma 1.8, ukitoa 0.4 unabaki na 1.4. Kwa koili ya aina hii ikiwa baridi, kitabu cha matengenezo kinataka omu 1.11 hadi 1.75. Asiyetoa ile 0.4 angeitupa koili nzuri. Msokoto wa pili unapimwa kati ya skrubu ya chanya na kituo cha katikati kinachotoa umeme mkubwa: ulisoma kilo-omu 12.3, na kitabu kinataka 9.0 hadi 15.7.

Namba hizo ni za koili baridi. Shaba ikipata joto ukinzani wake unapanda, ndiyo maana kitabu hichohicho kina safu nyingine kwa koili ya moto: omu 1.41 hadi 2.05, na kilo-omu 11.4 hadi 18.4. Kama gari linakosa likishapata moto tu, pima mara mbili, asubuhi na mara baada ya kuzima. Koili inayosoma 12 ikiwa baridi na OL ikiwa ya moto ina waya unaoachana joto linapoutanua.

Sasa nirudi kwenye ule umeme mdogo wa mita. Mita inajua kama njia imekatika. Haijui kama njia inavuja. Ganda la waya likiwa na ufa, volti chache za mita hazitatoroka kupitia ufa huo, lakini volti 20,000 zitaruka hadi kwenye chuma cha injini kilicho karibu. Koili nayo inaweza kuwa na mizunguko mia kadhaa iliyogusana, na kati ya maelfu ya mizunguko upungufu huo unafichika ndani ya safu inayoruhusiwa. Kwa hiyo OL ni hukumu, lakini namba nzuri si cheti. Kwa uvujaji, fungua boneti usiku mahali penye giza, washa injini, kaa mbali na nyaya na utazame tu. Mstari mdogo wa bluu unaoruka kutoka kwenye waya au kofia utakuonyesha penyewe. Mchana, tafuta alama nyembamba nyeusi kama mchoro wa penseli kwenye kofia ya mpira au kando ya kaure nyeupe ya plagi.

Na kuna magari ambayo kipimo hiki hakiyahusu. Vitz, Ist au Probox yenye injini ya 1NZ-FE haina nyaya za plagi. Kila plagi ina koili yake juu yake, yenye pini nne na saketi ya elektroniki ndani. Ukiweka mita ya omu kwenye pini hizo unapima saketi, si msokoto, na namba utakayoipata haina maana. Nimeona koili nzuri zikitupwa kwa sababu ya kosa hilo. Hapo badilisha nafasi: kama kisoma-kodi cha hitilafu kinaonyesha P0303, yaani silinda ya 3 inakosa, hamishia koili ya 3 kwenye silinda ya 1. Kodi ikihama kuwa P0301, mbaya ni koili. Ikibaki P0303, tazama plagi, nozeli au mgandamizo wa silinda hiyo.

Kwa shemeji tulibadilisha seti nzima ya nyaya, na plagi pia. Plagi namba 3 ilikuwa na pengo la milimita 1.3, wakati injini hiyo inataka 0.8. Pengo likipanuka hivyo koili inasukuma volti kubwa kila wakati, na sehemu dhaifu ya waya ndiyo inayoungua kwanza. Tungeweka waya mpya juu ya plagi ile, ungeungua palepale.