Maai5 au maai6? Dhana potofu kuhusu Jyutping na toni sita za Kikantoni

Kosa langu la kwanza la toni katika Kikantoni, lugha ya Kichina ya Guangzhou na Hong Kong, nililifanya mbele ya jora la kitambaa, Guangzhou. Nilitaka kumuuliza mama mwenye duka kama anauza kitambaa kile kwa mita, na neno nililokuwa nalo ni moja tu: maai6, kuuza. Kwa kuwa nilikuwa nauliza, sauti yangu ikapanda mwishoni, kama inavyopanda mtu akiuliza "unauza?" kwa Kiswahili. Mama akatabasamu, akalishusha jora, akashika mkasi. Mdomo wangu ulikuwa umetoa maai5, na maai5 ni kununua.

Katika Jyutping, mfumo wa kuandika Kikantoni kwa herufi za Kilatini, herufi za maneno yale mawili hazitofautiani hata moja. Kinachoyatenganisha ni tarakimu ya mwisho, inayotaja toni, yaani kimo na mwendo wa sauti unaobadili maana ya neno, na tarakimu hiyo ndiyo inayozungukwa na dhana nyingi potofu.

Dhana: Tarakimu ni ngazi, 1 iko juu kabisa na 6 iko chini kabisa.

Hili huaminiwa na karibu kila anayeanza, na linaharibu matamshi kwa miezi. Jyutping ilitungwa na Chama cha Isimu cha Hong Kong mwaka 1993, na tarakimu zake zinafuata mpangilio wa kale wa toni za Kichina, si kimo cha sauti. Toni 1, 2 na 3 ni kundi la juu. Toni 4, 5 na 6 ni kundi la chini. Ndani ya kila kundi, tarakimu ni majina tu.

Wanaisimu hupima kimo cha sauti kwa kipimo kingine, chenye hatua tano, ambamo 5 ni juu kabisa ya sauti yako ya kawaida na 1 ni chini kabisa. Usikichanganye na tarakimu za Jyutping. Kwa kipimo hicho, toni 1 inakaa kwenye 5 bila kushuka. Toni 3 inakaa katikati, kwenye 3. Toni 6 inakaa kwenye 2. Hizo tatu ni toni tambarare: sauti haipandi wala haishuki. Toni 2 inaanzia 2 na kupanda mpaka 5. Toni 5 inaanzia hapohapo, lakini inapanda kidogo tu, mpaka 3. Toni 4 inaanzia 2 na kuporomoka mpaka 1. Kwa hiyo aliye chini kabisa ni 4, na 6 yuko juu yake.

Zoezi ninalolipenda kuliko yote linatumia tarakimu za kuhesabia, kwa sababu utazihitaji kila siku hata hivyo. Tatu ni saam1, tisa ni gau2, nne ni sei3, sifuri ni ling4, tano ni ng5, mbili ni ji6. Ukisoma 3, 9, 4, 0, 5, 2 kwa mfululizo umepita toni zote sita kwa mpangilio.

Usianze nazo zote. Anza na zile tambarare: saam1, sei3, ji6. Sema saam1 kwa sauti ya juu isiyokukaza koo, kama unayemwita mtu aliye chumba cha pili, na uishikilie hapo. Shuka hatua kubwa, sema sei3 kwa sauti yako ya mazungumzo. Kisha shuka hatua ndogo tu, sema ji6. Tatizo hujificha kwenye hatua hii ndogo. Wengi wetu tunashuka mno, sauti inaporomoka, na ji6 inakuwa ji4. Jirekodi kwenye simu: kama mwisho wa neno unasikika umezama, au sauti inakwaruza kooni, umefika kwenye toni 4. Mkwaruzo huo ni dosari katika ji6, lakini katika ling4 ni alama nzuri, kwa maana waongeaji wengi wenyewe sauti zao hukwaruza wakifika chini hivyo.

Baada ya hapo ongeza gau2 na ng5. Zote zinapanda, na zote zinaanzia pale ji6 ilipokaa. Gau2 inakwenda mpaka kimo cha saam1. Ng5 inaishia kimo cha sei3. Kwa hiyo kagua mwisho wa neno, si mwanzo wake. Sema ng5 kisha sei3 mara moja: kama sei3 inaanzia pale ng5 ilipoishia, umepata. Kama unalazimika kushuka ndipo uifikie sei3, ng5 yako imepitiliza na imekuwa toni 2. (Ng5 haina irabu. Ni ule ung'ong'o wa mwanzo wa "ng'ombe", umesimama peke yake.)

Vimo hivi vyote ni vya kulinganisha. Bibi mwenye sauti nzito na mjukuu wake hawatoi saam1 moja kwa kipimo cha muziki, wala hakuna anayewatarajia. Kinachosikika ni umbali wa neno na jirani zake.

Dhana: Waswahili hatuna toni, kwa hiyo sauti zetu hazituingilii.

Kiswahili sanifu hakitumii toni kutofautisha maneno, hilo ni kweli. Lakini kinatumia kupanda na kushuka kwa sauti kwa kazi nyingine mbili, na zote mbili huja nasi bila kubisha hodi.

Ya kwanza ni mkazo wa silabi ya pili kutoka mwisho. Sema "asante" usikilize: sauti inainuka kwenye "san" na kushuka kwenye "te". Sasa chukua neno la Kikantoni la kumwomba au kumshukuru mtu kwa huduma ndogo, m4 goi1. Silabi ya kwanza ni ya chini kabisa, ya pili ni ya juu kabisa. Mswahili akiliacha lijisemee, linatoka kinyume: m inapanda, goi inashuka. Nimelisikia hivyo kwa wenzangu wengi, na nililisema hivyo mwenyewe kwa muda mrefu. Dawa yake ni kutamka kila silabi kama neno kamili, kwa urefu ule ule, bila kuichagua moja ya kuibeba nyingine.

Ya pili ni kiimbo cha swali, kile kilichonipatia kitambaa nisichokiomba. Kikantoni kina njia nyepesi ya kuuliza isiyogusa toni ya kitenzi: unakirudia kitenzi ukiweka m4, yaani "si", katikati. Nei5 maai6 m4 maai6 aa3? Unauza, huuzi? Aa3 ya mwisho ni kiungo cha kuuliza, nacho kina toni yake, tambarare ya katikati. Sauti haina haja ya kupanda popote, na maai6 inabaki kuwa maai6.

Wasomaji wa Kongo wanaozungumza Lingala wanaanzia mbele yetu. Wanajua kwamba kokoma ni kuandika na kokóma ni kufika, kwa hiyo sikio lao limeshazoea toni kubadili maana. Hata hivyo Lingala ina vimo viwili tu, juu na chini, na kugawa sehemu ya kati kuwa sei3 na ji6 ni kazi mpya hata kwao.

Dhana: Herufi zisomwe kama zilivyo.

J ya Jyutping ni y yetu. Ji6 inasomwa kama "yi", wala haianzi kama "jiko". Z ni "ts" kavu, na c ni "ts" inayofuatwa na pumzi. Yu baada ya konsonanti ni irabu tusiyokuwa nayo: weka ulimi kama unasema i, kisha viringa midomo kama unasema u. Ndiyo irabu ya jina Jyutping lenyewe, jyut6 ping3.

Wanaoteleza zaidi hapa ni wale wanaosoma b, d na g kwa Kiswahili. B yetu ya "baba" ni ghuna, yaani nyuzi za sauti hutetemeka, na mara nyingi hewa huvutwa ndani kidogo. B ya Jyutping haina mghuno. Ni p isiyo na pumzi, na p ya Jyutping ni p yenye pumzi. Waliokulia Mombasa wanayo tofauti hii tayari, kwani Kimvita hutenganisha paa la nyumba, lisilo na pumzi, na paa wa mwituni, mwenye pumzi. Paa la nyumba ndilo linaloanza kwa b ya Jyutping. Weka kiganja mbele ya mdomo: ukisema baat3, nane, usihisi pumzi kiganjani.

Kurudiwa kwa a nako si pambo. Saam1 ni tatu. Sam1, yenye a fupi na mdomo uliofunguka kidogo tu, ni moyo.

Dhana: Toni ni tisa, Jyutping imezipunguza.

Utakutana na wazee wa Kikantoni wanaosema hivi, na hawadanganyi. Hesabu ya kale iliziweka kando silabi zinazokatika kwa p, t au k, ikazihesabu kuwa toni tatu zaidi. Saba ni cat1, nane ni baat3, sita ni luk6. Ukizisikiliza, vimo vyake ni vile vile vya saam1, sei3 na ji6, ila vimekatwa vifupi. Jyutping imezipa tarakimu zile zile, na hakuna kilichopotea.

Ugumu wake kwetu uko kwenye mkato wenyewe. Kiswahili kinapenda irabu mwishoni, ndiyo maana tuna benki na chaki. Luk6 ikitoka "luku" imekuwa silabi mbili, na toni imeshavurugika. Ulimi ufunge njia ya hewa kwa ajili ya k, kisha uishie hapo bila kuiachia.

Dhana: Vibao vya Hong Kong vimeandikwa kwa Jyutping.

Havikuandikwa hivyo. Kibao kinasema Tsim Sha Tsui. Jyutping ni zim1 saa1 zeoi2. Majina ya mitaa yanafuata maandishi ya zamani ya serikali, yasiyoonyesha toni, kwa hiyo usijifunze matamshi kwayo. Na ukimwonyesha mwenyeji wa huko Jyutping, huenda asiweze kuisoma. Watoto hujifunza herufi za Kichina moja kwa moja.

Dhana: Toni ya kamusi haibadiliki.

Maneno ni waa6, na umeme ni din6. Viunganishe upate simu, na utasikia din6 waa2, sauti ikipanda mwishoni. Kikantoni kina tabia ya kuipeleka silabi kwenye toni 2 katika baadhi ya maneno ya kila siku, hasa majina ya vitu, na hakuna kanuni itakayokuambia mapema ni neno gani litahama. Kamusi nyingine huandika waa6-2: ya kwanza ni toni ya asili, ya pili ndiyo ya kutamka. Ukiona kistari hicho, soma tarakimu ya kulia.