Ripoti ya Vyakula Vyekundu: Kwa Nini Siamini Vipimo vya Nyumbani vya Damu na Nywele

Mama mmoja alikuja kliniki na ripoti ya kurasa kadhaa ya kipimo cha nyumbani kinachodai kuonyesha vyakula visivyomfaa mtu, ambayo dada yake anayeishi Uingereza alimlipia mtandaoni. Alikuwa amejitoboa kidole, akadondoshea damu kwenye karatasi maalumu na kuituma kwa posta. Maziwa, mayai, ngano, mahindi na maharage yalikuwa na rangi nyekundu, yaani ya kuachwa, ilhali lozi na samaki aina ya samoni, ambao hajawahi kuwaonja, walikuwa kijani. Nilimuuliza alikuwa akila nini kwa wiki kabla ya kipimo, naye akanitajia orodha nyekundu karibu yote.

Hapo ndipo penye kasoro. Kipimo hicho hutafuta kingamwili za IgG, ambazo mwili wa mtu mwenye afya hutengeneza dhidi ya chakula anachokila mara kwa mara. Kuwepo kwake kunaonyesha kwamba chakula kimeliwa, si kwamba kinadhuru, na ndiyo maana mwaka 2008 wataalamu wa mzio wa Ulaya walishauri kipimo hiki kisitumike kutambua tatizo la chakula. Kingamwili zinazohusika na mzio wa ghafla ni za IgE, na hata hizo hazina maana bila historia ya mgonjwa.

Vipimo vya nywele, vinavyotoa ahadi hiyohiyo, ni vibaya zaidi. Unywele ni keratini, seli zilizokwisha kufa, na haubebi kumbukumbu yoyote ya namna tumbo linavyopokea maziwa. Mwaka 1987 jarida la tiba la Lancet lilichapisha jaribio ambalo watafiti walipeleka kwenye maabara za biashara sampuli mbilimbili za watu wenye mzio wa samaki na za wasio nao. Maabara hizo zilishindwa kuutambua mzio wa samaki, zikawapa watu wazima wa afya mizio wasiyokuwa nayo, na sampuli mbili za mtu yuleyule zikarudi na majibu tofauti.

Mama yule alikuwa ameacha vyakula vyote vyekundu kwa miezi miwili. Alipungua uzito na tumbo likatulia kidogo, jambo lililomfanya aiamini ripoti. Tulirudisha chakula kimoja kimoja, kila kimoja kwa siku tatu, huku akiandika dalili kwenye daftari. Mayai, mahindi na maharage hayakuleta shida yoyote. Ngano niliitaka irudi mapema, kwa sababu kipimo cha damu cha siliaki, ugonjwa ambao ngano huufanya mwili kushambulia utumbo wake wenyewe, huweza kutoa jibu la uongo kwa mtu aliyeacha kula ngano. Jibu lake lilikuwa hasi.

Maziwa yalibaki ya mwisho. Glasi moja, yenye takriban gramu 12 za laktosi, yaani sukari ya maziwa, aliinywa na chakula bila shida; glasi mbili akiwa na njaa zilimjaza gesi na kumharisha ndani ya saa chache. Tatizo lake ni upungufu wa laktesi, kimeng'enya kinachovunja sukari hiyo tumboni, ambalo halihusiani na kingamwili hata kidogo, kwa hiyo rangi nyekundu ya maziwa ilipatia kwa bahati tu. Chai yake ya maziwa ya asubuhi ameirudia.