Je, wajua kwa nini mkaguzi wa ndani huanza kazi gatini?

*Mpwa wangu ameanza uanagenzi katika kitengo cha ukaguzi wa ndani hapa Lamu. Siku ya kwanza mkuu wao aliwahutubia, na hesabu hakuzigusa kabisa. Alisema udadisi, ujasiri na mazoea ya kazi, na mfano wake mzima ukawa petroli ya boti. Kwa nini?*

Kwa sababu petroli ya boti ndiyo mahali ambapo hesabu huwa sahihi na mafuta huwa hayapo. Mwanagenzi anayejua kujumlisha tu atapita juu ya vocha hizo na kuweka alama ya vema kila ukurasa. Oda ipo, risiti ipo, daftari la mafuta limetiwa saini, jumla zinalingana hadi lita ya mwisho. Anayeandaa karatasi za kuficha kitu huhakikisha kwanza kwamba zinalingana.

Tuchukue mfano wa kufundishia, namba zake tumezitunga ili zifuatike kwa urahisi. Idara fulani ina boti ya faiba yenye injini moja ya kuchanganya oili, inayokwenda Faza, kisiwani Pate, na kurudi. Daftari la mwezi mmoja linaonyesha safari 22, kila safari lita 90, jumla lita 1,980.

Udadisi huanzia kwenye zile 90. Safari 22 zimekula mafuta sawasawa, siku ya upepo na siku ya shwari, boti ikiwa tupu na ikiwa imejaa watu na magunia. Bahari haifanyi hivyo. Daftari la kweli huwa na namba za kupanda na kushuka: 57, 66, 81, 62. Namba zilizonyooka mno kwa kawaida zimeandikwa mezani, mara nyingi siku moja, na ukitazama vizuri utakuta hata wino na mwandiko ni wa mkao mmoja. Hilo peke yake si ushahidi wa wizi. Huenda karani ameambiwa akadirie tu. Lakini linatosha kumtoa mkaguzi ofisini.

Gatini anapima mwenyewe. Tangi linajazwa hadi alama, boti inakwenda na kurudi, kisha linajazwa tena hadi alama ile ile kwa dumu lenye vipimo. Kilichoongezwa ndicho kilicholiwa. Safari moja haitoshi. Apime angalau tatu, na aandike kila mara mzigo, idadi ya abiria, hali ya bahari na njia iliyopitwa. Tuseme kwa njia ya ndani anapata 58, 63 na 62, yaani wastani wa lita 61.

Hapa ndipo wanagenzi wengi hujikwaa. Wanazidisha 61 kwa 22, wanapata 1,342, wanatoa kwenye 1,980, na kukimbilia kuandika kwamba lita 638 zimeibwa. Nahodha yeyote wa Lamu atawacheka, na kwa haki. Njia fupi ya kwenda Pate hupita Mkanda, ule mlango mwembamba wa mikoko kati ya kisiwa cha Manda na bara, na maji yakipwa sana boti haipiti. Inabidi izunguke Manda kwa nje, ambako njia ni ndefu zaidi na wakati wa kusi mawimbi huwa makubwa. Kwa hiyo swali linalofaa kuulizwa ni hili:

"Shikamoo nahodha. Safari ya Jumanne ile mlipita wapi?"

"Marahaba mwanangu. Jumanne ilikuwa bamvua, maji yametoka kitambo. Tulizunguka nje."

Tazama lilivyoulizwa. Mkaguzi hakusema "Mlipita nje, sivyo?", kwa maana swali la namna hiyo limebeba jibu lake na mtu huitikia tu ili amalize. Wala hakuuliza "Huwa mnapita wapi?", kwa sababu "huwa" huleta jibu la jinsi mambo yanavyotakiwa kuwa. Siku moja iliyotajwa huleta jibu la siku hiyo, na jibu hilo linaweza kuhakikiwa kwa jedwali la maji. Pwani yetu, siku za bamvua, mwezi mpevu au mwandamo, maji hutoka kabisa kama saa nne au saa tano asubuhi. Kila siku inayofuata saa hizo husogea mbele kwa takriban dakika 50. Safari iliyoondoka saa nne siku ya bamvua haikupita Mkanda, hata daftari liseme nini. Ile iliyoondoka saa hiyo hiyo wiki moja baadaye, siku za maji mafu, huenda ilipita bila shida.

Mkaguzi anapitia safari zote 22 akiwa na jedwali mkononi na kuona kwamba 8 zilikuwa lazima zizunguke nje. Anapima safari ya nje pia: lita 79. Sasa hesabu ni 8 kwa 79, yaani 632, na 14 kwa 61, yaani 854. Jumla 1,486. Anaongeza asilimia 10 kwa siku mbaya na mizigo mizito, anafika 1,635. Kwenye 1,980 zinabaki lita 345 ambazo hazina maelezo, kama madumu 17 ya lita 20. Zile 638 zimepungua karibu nusu, lakini 345 hizi ni ngumu kuzibomoa.

Bado kuna tundu. Vipimo ni vya mwezi huu, daftari ni la mwezi uliopita, na mtu anaweza kusema injini ilikuwa na kasoro. Ndipo linapokuja jambo ambalo kwa maoni yetu ndilo tamu kuliko yote katika ukaguzi huu: oili. Injini nyingi za aina hii huchanganya lita 1 ya oili kwa lita 50 za petroli. Uwiano kamili umeandikwa kwenye kitabu cha injini, na mkaguzi ausome hapo, asiukisie. Lita 1,980 zingehitaji karibu lita 40 za oili. Daftari la stoo, ambalo aghalabu huandikwa na mtu mwingine kabisa, linaonyesha oili iliyotolewa mwezi ule na kuisha ni lita 30. Lita 30 zinachanganya petroli 1,500. Hakuna aliyekumbuka kutunga oili. Na hakuna nahodha atakayeendesha injini hiyo bila oili, maana pistoni ingekwama katikati ya bahari.

Kipimo hiki kina mipaka yake. Nahodha akiwa anabania oili na kuchanganya pungufu, petroli iliyotumika kweli itakuwa nyingi kuliko hesabu inavyoonyesha, kwa hiyo mkaguzi lazima amwone akichanganya. Injini isiyochanganywa oili haina ushahidi huu kabisa. Hapo mtu anatafuta saa za injini, kama mita yake inafanya kazi.

Ujasiri wa hotuba ile usichukuliwe kuwa ni wa kugombana. Lamu ni ndogo. Karani wa mafuta huenda ni shemeji, nahodha ni mjomba, na wote watakutana msikitini Ijumaa. Ujasiri wa kwanza ni wa kumwandikia mkuu kabla ya kazi kuanza: fulani ni jamaa yangu, nipangeni kwingine. Vivyo hivyo kwa aliyewahi kufanya kazi katika kitengo kinachokaguliwa. Viwango vya kimataifa vya ukaguzi wa ndani vilivyoanza kutumika Januari 9, 2025 vinamtaka asikague alichokuwa na dhamana nacho ndani ya miezi 12 iliyopita. Viwango hivyo vimeutaja ujasiri wa kitaaluma pamoja na uaminifu katika kifungu chake cha kwanza cha maadili, 1.1. Kwa hiyo mkuu yule hakuwa akihubiri, alikuwa akitaja sharti la kazi.

Ujasiri wa pili ni mgumu zaidi kwa kijana: kuandika kinachomsafisha mtu pale ofisi nzima imekwisha kumhukumu. Zile safari 8 za nje lazima ziingie kwenye ripoti, hata kama zinapunguza ukubwa wa hoja. Wa tatu ni pale meneja anaposema, "Hili la mafuta liondoe, tutalimaliza wenyewe." Mwanagenzi hatakiwi kubishana naye. Anamwomba aandike majibu yake, majibu yanaambatanishwa na hoja, na hoja inapanda kwa mkuu wa ukaguzi. Katika serikali za kaunti, sheria ya usimamizi wa fedha za umma ya 2012, kifungu cha 155, inataka pawe na mpangilio wa ukaguzi wa ndani na kamati ya ukaguzi, na hiyo kamati ndiyo mlango ambao meneja hawezi kuufunga.

Mazoea ni machache na hayana mbwembwe. Karatasi ya kazi huandikwa siku ile ile, gatini kama inawezekana: tarehe, saa, nani alikuwepo, nini kilipimwa na kwa chombo gani. Iliyoandikwa Ijumaa kuhusu Jumatatu itaanguka kwa swali moja tu. Stoo huhesabiwa mtunzaji akiwa amesimama hapo, na wote wawili hutia saini kabla ya kuachana, la sivyo kikipungua kitu kesho mkaguzi naye atakuwa mtuhumiwa. Na kuhesabu kwende pande zote mbili, kutoka daftarini hadi rafuni na kutoka rafuni hadi daftarini. Upande wa kwanza hufichua kilichoandikwa na hakipo. Wa pili hufichua kilichopo na hakikuandikwa, ambacho ndicho rahisi zaidi kuchukuliwa.

Halafu kuna lugha ya ripoti. Mkaguzi haandiki "karani ameiba", kwa sababu hajui. Huenda mafuta hayakutoka kituoni hata siku moja, na risiti ilikatwa kwa lita ambazo hazikuletwa. Anaandika kinachotakiwa, kilichopo, chanzo na athari: kila lita inapaswa kupimwa na kuandikwa kwa safari, safari 22 zimeandikwa lita 90 kila moja bila kipimo, anayeagiza, anayepokea na anayeandika ni mtu mmoja, lita 345 hazina maelezo. Chanzo ndicho chenye thamani hapo. Mapendekezo yake yanatoka humo moja kwa moja: apokee mwingine, kijiti cha kupimia tangi chenye alama kiwepo botini, na nahodha aandike njia na saa ya kuondoka kwa mkono wake mwenyewe.

Baada ya miezi mitatu hivi mkaguzi anarudi kuangalia. Akikuta safari zote sasa zimeandikwa lita 70 kamili, haoni haja ya kufungua vocha. Anakwenda stoo kuomba daftari la oili.