Odi ya 1.95: ni bei yake au tunapunjwa?

*"Mwenyeji kapewa 1.95, sare 3.40, mgeni 3.90. Nitajuaje kama hizo ni bei za haki, bila kutegemea maneno ya kijiweni?"*

Anza na mabao, achana kwanza na ushindi. Mabao ya mpira ni machache na huingia dakika yoyote, kwa hiyo ukijua wastani wa timu, fomula ya Poisson inakupa uwezekano wa kufunga 0, 1, 2 na kuendelea.

Tuchukue mechi ya mfano. Kwenye ligi hii wenyeji hufunga wastani wa mabao 1.5 na wageni 1.2. Mwenyeji wetu amefunga 18 katika mechi 10 za nyumbani, yaani 1.8 kwa mechi: mara 1.2 ya wastani wa wenyeji. Mgeni naye, akiwa ugenini, huruhusu 1.25 pale ambapo timu ya kawaida huruhusu 1.5, ambayo ni mara 0.83. Zidisha 1.5 kwa 1.2 kwa 0.83 na unarudi kwenye 1.5. Hayo ndiyo mabao tunayotarajia kwa mwenyeji. Kwa njia hiyohiyo tuseme mgeni amepata 1.0.

Fungua Excel. Uwezekano wa mwenyeji kufunga mawili kamili ni huu:

```
=POISSON.DIST(2,1.5,FALSE)
```

Jibu ni 0.251. Fanya hivyo kwa mabao 0 hadi 7 ya kila timu, kisha zidisha kila idadi ya mwenyeji kwa kila idadi ya mgeni upate jedwali la matokeo. Jumlisha visanduku vyote ambamo mwenyeji anaongoza: asilimia 48.8. Sare inatoka 26.0, mgeni 25.2. Bei ya haki ni 1 gawanya kwa uwezekano, kwa hiyo 2.05, 3.85 na 3.96.

Sasa zigeuze odi za kampuni ya kubeti ziwe uwezekano. 1 gawanya kwa 1.95 ni asilimia 51.3, sare 29.4, mgeni 25.6. Jumla ni 106.3, si 100. Hiyo 6.3 ya ziada ndiyo mahali kampuni inapokula. (Weka mechi tano za namna hiyo kwenye mkeka mmoja: hata kama kampuni imekadiria kila mechi sawasawa, katika kila shilingi 1,000 unatarajia kurudishiwa kama 736.) Ukigawanya kila namba kwa 1.063, unapata kile ambacho kampuni yenyewe huenda inaamini: 48.2, 27.7 na 24.1.

Hapa ndipo wengi huteleza. Wanaona mgeni ana 25.2 kwao na 24.1 kwa kampuni, wanapiga kelele kwamba wameokota dodo. Lakini wewe hulipwi kwa 24.1, unalipwa kwa 3.90. Zidisha 0.252 kwa 3.90: 0.98. Chini ya 1 ni hasara, hata kama makadirio yako ni sahihi kabisa.

Na sare? Kampuni imeipa nafasi kubwa kuliko jedwali letu, na naamini kampuni. Jedwali linadhani mabao ya timu moja hayahusiani na ya nyingine, wakati uwanjani timu zikiwa 0-0 au 1-1 mara nyingi hutulia na kulinda pointi. Mwaka 1997 watakwimu wa Uingereza, Dixon na Coles, walichapisha marekebisho ya matokeo hayo madogo kwa sababu Poisson ya kawaida iliyapima vibaya.

Kasoro kubwa zaidi iko mwanzoni kabisa, kwenye yale mabao 18. Mtawanyiko wa kawaida wa hesabu kama hiyo ni kipeuo cha pili cha 18, karibu mabao 4. Timu ileile, kwa kiwango kilekile, ingeweza kumaliza na 14 au 22 kwa bahati tu. Ukiweka 14, ushindi wa mwenyeji unashuka hadi asilimia 40 na bei ya haki inakuwa 2.53. Ukiweka 22, unapanda hadi 57 na bei ni 1.76. Odi ya 1.95 imekaa katikati, imetulia. Kwa mechi 10 huwezi kusema kampuni imekosea, na bado hujahesabu mshambuliaji aliyeumia juzi, ambaye jedwali halimjui.

Kama bado unataka kujipima, usitazame mikeka iliyolipa, kwa maana mechi 20 ni bahati tupu. Andika odi uliyoona ina thamani, halafu andika odi ya mwisho kabla filimbi haijapulizwa. Ulichukua 2.20 na mechi imeanza ikiwa 2.05? Likijirudia hilo kwa mamia ya mechi, kuna kitu umekiona mapema. Ikiwa odi zako hupanda baada ya wewe kuzichukua, soko linajua jambo ambalo jedwali lako halina.