Kifungashio gani kwa sambusa, kipi kwa krispi za muhogo

Wauzaji wengi wa vitafunwa vya kukaanga hununua aina moja ya kifungashio na kuitumia kwa kila kitu. Ndiyo maana sambusa hufika dukani zimelegea na krispi hupoteza mlio kabla ya jioni. Vitafunwa hivi viwili vina mahitaji yanayopingana: sambusa ina maji ndani na mvuke wake lazima utoke, ilhali krispi imekauka kabisa, na unyevu wa hewani lazima uzuiwe usiingie.

Tuanze na sambusa. Ikitoka kwenye mafuta ya nyuzi 170 hadi 180, ganda lake ni kavu lakini nyama au dengu za ndani zina maji mengi na zinaendelea kutoa mvuke. Ukiifunga kwenye plastiki ikiwa moto, mvuke unagonga ukuta wa mfuko, unageuka matone na kurudi kwenye ganda. Baada ya muda mfupi ganda huwa laini kama chapati. Kuna tatizo jingine pia: mifuko laini ya polithini huanza kulegea kwenye joto lisilofikia hata la maji yanayochemka, kwa hiyo haifai kabisa kupokea kitu kilichotoka kikaangoni.

Karatasi ya kaki hupitisha mvuke vizuri, na ni imara. Udhaifu wake ni mafuta. Nyuzi zake zina nafasi katikati, mafuta hupenya na kusambaa, na mteja anabaki na mfuko wenye madoa na mikono inayoteleza. Karatasi isiyopitisha mafuta hutengenezwa kwa kusaga nyuzi za mti kwa muda mrefu zaidi hadi zishikane na kuziba vijitundu hivyo. Mafuta hukwama, lakini mvuke kiasi bado unapita. Kwa kuwa ni nyembamba na huchanika kwa urahisi, mpangilio unaofanya kazi ni huu: karatasi isiyopitisha mafuta ndani, mfuko wa kaki nje, na mdomo ukunjwe mara moja tu bila kubanwa.

Kabla ya kufunga, chuja sambusa juu ya waya kwa dakika kama tano, zikiwa zimesimama na hazijarundikana. Ukizilaza kwenye sinia, upande wa chini hulowa kwa mvuke wake wenyewe. Kumbuka pia kwamba karatasi haihifadhi chakula: sambusa ya nyama isikae kwenye joto la kawaida zaidi ya saa mbili.

Dukani, karatasi za kung'aa hufanana sana. Nyingine zimepakwa nta, ambayo huyeyuka ikikutana na kitafunwa cha moto. Kwaruza kwa ukucha: nta itabanduka. Kisha weka tone la mafuta ya vuguvugu juu ya kipande, chini yake karatasi nyeupe, na usubiri dakika kumi. Karatasi nyeupe ikipata doa, umeuziwa karatasi ya kawaida. Gazeti lisitumike hata kama ni la kuchujia mafuta tu, kwa sababu wino huyeyuka kwenye mafuta na kuhamia kwenye chakula.

Krispi za muhogo au ndizi ni habari nyingine. Katika hewa ya Dar es Salaam au Mombasa, mfuko wa kaki hauzuii unyevu, hata ukiuongezea karatasi isiyopitisha mafuta. Hapa plastiki ndiyo yenye kazi, hasa polipropilini: ni ngumu kidogo, angavu, na hulia ukiikunja, tofauti na polithini inayonyooka na kuvutika. Lakini plastiki hizi za kawaida huzuia mvuke vizuri zaidi kuliko zinavyozuia oksijeni, na zile angavu hupitisha mwanga, kwa hiyo krispi zikianikwa juani dukani hupata harufu ya mafuta yaliyokaa hata kama bado zinalia. Ziwekwe kivulini, au tumia plastiki yenye tabaka la rangi ya fedha. Wala mifuko hii isichanganywe na ile ya kubebea, ambayo Kenya iliipiga marufuku tarehe 28 Agosti 2017 na Tanzania tarehe 1 Juni 2019.

Acha krispi zipoe kabisa kabla ya kufunga. Zikiwa na uvuguvugu utaona ukungu ndani ya mfuko. Jaza kwa faneli na uache sentimita tatu za juu zikiwa safi, maana mafuta na vumbi la krispi kwenye mdomo ndiyo sababu kubwa ya mifuko kutoshikana. Washa mashine ya kuzibia kwa joto dogo, kisha pandisha taratibu hadi mshono usibanduke kwa vidole. Ukiona mikunjo au plastiki imekonda pembeni ya mshono, joto limezidi. Katika kila kundi, chukua mfuko mmoja, uzamishe kwenye beseni la maji na uubonyeze taratibu. Vipovu vikitoka kwenye mshono, simamisha kazi, safisha taya za mashine, na uzibe upya mifuko yote iliyozibwa tangu jaribio la mwisho lililofaulu.