Kwa nini intigrali ya sin mx · sin nx huwa sifuri: mfano wa maji ya Kilindini

Kipimo cha kina cha bahari katika bandari ya Kilindini huonyesha maji yakijaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, lakini mstari unaochorwa na kipimo hicho si wimbi moja. Ni jumla ya mawimbi kadhaa yaliyopandana, na mawili kati yake hutangulia mengine kwa umuhimu katika maelezo haya: wimbi la mwezi, ambalo hurudia kila baada ya saa 12.42, na wimbi la jua, ambalo hurudia kila baada ya saa 12 kamili. Mtaalamu anayetaka kujua kila wimbi lina kimo gani hana njia ya kuuzima mwezi ili alipime jua peke yake. Hulazimika kuyatenganisha kwa hesabu, na hesabu hiyo inasimama juu ya ukweli mmoja: ukizidisha sin mx kwa sin nx, huku m na n zikiwa namba nzima chanya zisizolingana, kisha ukatafuta intigrali kuanzia 0 hadi 2π, jibu ni sifuri.

Wanafunzi wengi hueleza jambo hili kwa kusema kwamba wimbi la sini lina eneo sawa juu na chini ya mhimili, kwa hiyo intigrali yake ni sifuri, na zao la vitu viwili vyenye sifuri lazima nalo liwe sifuri. Hoja hiyo ina kasoro, na kasoro yenyewe huonekana mara moja ukizidisha sin x kwa sin x. Kila moja ina intigrali ya sifuri katika mzunguko mzima, lakini zao lao, sin²x, haliendi chini ya mhimili hata mara moja, na intigrali yake ni π. Kwa hiyo sifuri tunayoitafuta hairithiwi kutoka kwa mawimbi yenyewe. Inazaliwa katika kuzidisha.

Tuchukue m = 1 na n = 3, tuitazame grafu ya sin x · sin 3x kuanzia 0 hadi π, yaani nusu ya mzunguko, kwa kuwa nusu ya pili hurudia umbo lile lile. Kati ya 0 na π/3 sini zote mbili ni chanya, na zao lao huinuka na kuwa kilima kidogo chenye kimo cha 0.5625, kilele chake kikiwa karibu na nyuzi 38. Kuanzia π/3 hadi 2π/3, sin 3x ni hasi ilhali sin x bado ni chanya, hivyo grafu hushuka kwenye bonde linalofika −1 pale nyuzi 90. Baada ya hapo hupanda tena kilima cha pili kilicho sawa na cha kwanza. Ukikokotoa maeneo, kila kilima kina 0.3248 na bonde lina 0.6495 chini ya mhimili. Vilima viwili vifupi vinalijaza bonde moja refu bila kubaki wala kupungua, kwa kuwa thamani kamili ya kila kilima ni 3√3/16 na ya bonde ni 3√3/8.

Mfano huu nimeuchagua kwa makusudi badala ya ule wa 1 na 2 unaopendwa ubaoni. Katika sin x · sin 2x, upande wa kulia wa nyuzi 90 ni kinyume kamili cha upande wa kushoto, na macho peke yake yanatosha kuona kwamba pande hizo zinafutana. Katika 1 na 3, pande hizo mbili zinafanana kabisa, hivyo hakuna kufutana kwa namna hiyo, na bado jibu ni sifuri. Lazima basi kuwe na sababu ya ndani zaidi kuliko ulinganifu wa picha.

Sababu hiyo imo katika kanuni mbili za kosini zinazofundishwa sekondari. Ya kwanza husema cos(A − B) = cos A cos B + sin A sin B, na ya pili husema cos(A + B) = cos A cos B − sin A sin B. Ukiitoa ya pili katika ya kwanza, sehemu ya kosini inafutika na kinachobaki ni sin A sin B mara mbili. Ukiweka mx mahali pa A na nx mahali pa B, unapata:

sin mx · sin nx = ½ [cos (m − n)x − cos (m + n)x]

Mstari huu hufundishwa kama fomula ya kukariri, na kwa maoni yangu hapo ndipo maana yake inapopotea. Unachosema ni kwamba mawimbi mawili yakizidishwa hayatoi umbo geni la ajabu, bali mawimbi mawili mapya yaliyo wazi: moja linakwenda taratibu, kwa kasi iliyo tofauti ya zile mbili, na lingine linakwenda upesi, kwa kasi iliyo jumla yake. Katika mfano wetu, sin x · sin 3x ni nusu ya cos 2x ukiondoa nusu ya cos 4x. Vilima viwili na bonde tulivyovipima si kingine ila mawimbi hayo mawili yakiwa yamepandana.

Baada ya hapo kazi iliyobaki ni ndogo. Kwa kuwa m na n ni namba nzima, tofauti yake na jumla yake pia ni namba nzima, na maana ya hilo ni kwamba kuanzia 0 hadi 2π kila mojawapo ya kosini hizo mbili hukamilisha mizunguko isiyo na kipande. Wimbi linalokamilisha mizunguko mizima lina eneo sawa juu na chini ya mhimili, na sasa hoja ile tuliyoikataa mwanzoni inafaa, kwa sababu hapa mawimbi yanajumlishwa, hayazidishwi. Sifuri ukiondoa sifuri ni sifuri. Hali moja tu ndiyo inayovunja utaratibu huu: m ikilingana na n, tofauti inakuwa 0, na cos 0 si wimbi tena bali ni namba 1 isiyobadilika. Nusu yake ikienea kwenye urefu wa 2π inatoa π, na ndiyo maana sin²x ilitupa jibu hilo.

Joseph Fourier alilitumia jambo hili katika utafiti wake wa joto uliochapishwa mwaka 1822, na William Thomson, ambaye baadaye aliitwa Lord Kelvin, aliipeleka mbinu hiyo kwenye maji ya kujaa na kupwa kuanzia mwaka 1867. Namna ya kuitumia ni hii: chukua rekodi nzima ya kina cha maji, izidishe kwa sini ya wimbi unalolitafuta, tafuta intigrali, kisha gawanya kwa nusu ya urefu wa muda. Mawimbi mengine yote yanatoweka, na kinachobaki ni kimo cha lile ulilolitaka. Kazi hiyo hiyo hurudiwa kwa kosini, kwa sababu wimbi la baharini halina sharti la kuanza pale saa ya mpimaji inapoanza.

Sharti ambalo haliwezi kuachwa ni lile la mzunguko mzima. Ukiikata intigrali ya sin x · sin 3x kwenye π/4 badala ya 2π, jibu ni 0.25. Kwenye karatasi ni rahisi kuchagua 2π, lakini baharini mawimbi hayakuhesabiwa kwa namba nzima, na hapo ndipo hesabu ya Kilindini inapohitaji uangalifu.

Wimbi la mwezi hutembea nyuzi 28.984 kwa saa, na la jua nyuzi 30 kwa saa. Tofauti ni nyuzi 1.016 tu kwa saa, na wimbi lenye mwendo huo mdogo huchukua takriban saa 354 kumaliza mzunguko mmoja, yaani siku 14.77. Mvuvi yeyote wa Pwani anaijua hesabu hiyo kwa jina lingine, kwa kuwa huo ndio muda kutoka bamvua hadi bamvua. Mawimbi ya mwezi na jua yakipanda pamoja, maji hujaa sana na kupwa sana, na wasaka pweza huweza kutembea mbali miambani. Yakipishana, huwa ni maji mafu. Ile cos (m − n)x ya kwenye fomula, iliyoonekana kuwa alama tu, ndiyo inayohesabu mwendo huo wa bamvua na maji mafu.

Sasa tuseme mtu amepima kwa siku 3 tu, kuanzia siku mawimbi yote mawili yanapopanda pamoja. Katika saa hizo 72 wimbi la tofauti limetembea nyuzi 73 tu, halijafika hata robo ya mzunguko, na muda wote huo lipo juu ya mhimili. Hakuna eneo la chini la kulifuta. Ukikokotoa, robo tatu hivi ya kimo cha wimbi la jua huingia kwenye hesabu ya wimbi la mwezi. Tukichukulia kwa mfano kwamba la mwezi lina sentimita 100 na la jua sentimita 50, mpimaji atapata karibu sentimita 140 na kuamini kwamba zote ni za mwezi. Akirudia kwa siku 3 kuanzia kilele cha maji mafu, atapata zaidi kidogo ya 60.

Akipima kwa siku 14.77, wimbi la tofauti linakamilika na mchango wake unakuwa sifuri. Wimbi la jumla halikamiliki sawasawa, kwa sababu katika muda huo linakuwa limezunguka mara 58 na kipande kidogo, lakini kipande kimoja kikigawanywa kwa mizunguko yote hiyo, hitilafu inayobaki ni chini ya asilimia moja. Wimbi la upesi, basi, huvumilia kukatwa vibaya. La taratibu halivumilii. Wapimaji wa bahari wana kigezo kinachoitwa kwa jina la Rayleigh, kinachotaka rekodi iwe ndefu kiasi cha kuliwezesha wimbi la tofauti kukamilisha angalau mzunguko mmoja kabla ya mawimbi mawili kuhesabiwa kuwa yametenganishwa. Anayetaka kuikagua hesabu aliyopewa anaweza kuigawa rekodi ndefu katika vipande vya siku chache na kukokotoa kimo cha wimbi la mwezi katika kila kipande: kikipanda wakati wa bamvua na kushuka wakati wa maji mafu, vipande hivyo ni vifupi mno na sehemu ya wimbi la jua imehesabiwa humo.